Bango la mawese lisilosomeka barabarani: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwanga, Kigoma

Mama mmoja mwenye stoo ya mawese na dagaa pale Mwanga, kando ya barabara inayoelekea Ujiji, alitengenezewa bango la fleksi la mita 3 kwa mita 1. Lilitundikwa ukutani juu ya mlango wa stoo. Alipoagiza alisema wazi kwamba herufi kubwa ziwe za sentimita 20, maana aliwahi kuona bango la mwenzake lenye herufi za namna hiyo na lilikuwa linasomeka vizuri. Lililokuja lilikuwa na rangi nzuri na picha ya madumu, lakini wateja waliomtafuta kwa mara ya kwanza waliendelea kupiga simu wakiwa wameshapita: "Mama, niko huku mbele, kwako ni wapi?" Aliniletea malalamiko hayo akiwa ameshaamua dawa yake, kwamba nimchapie lingine lenye herufi kubwa zaidi.

Kabla ya kuchapa chochote nilichukua futi kamba na ngazi. Neno kuu la bango lilikuwa "Mawese", M kubwa na zilizobaki ndogo. M ilikuwa na urefu wa sentimita 14 na kidogo. Zile ndogo, yaani a, w, e na s, hazikuzidi sentimita 10 na nusu.

"Fundi, mimi niliambiwa ni ishirini. Niliiona kwenye kompyuta kwa macho yangu."

Na kweli aliiona. Aliyesanifu alibadili sentimita 20 kuwa pointi, akapata 567, akaandika namba hiyo kwenye kisanduku cha ukubwa wa fonti. Hesabu yake ya kubadili haina kosa, kwa sababu pointi moja ni milimita 0.3528. Ila ukubwa wa fonti haupimi urefu wa herufi yoyote unayoiona. Unapima kimo chote cha nafasi ambamo herufi za fonti hiyo zimechorwa, ikiwamo nafasi ya juu na mikia ya g na y inayoshuka chini ya mstari. Kwenye Arial, iliyotumika hapa, herufi kubwa huchukua kama 0.716 ya kimo hicho, na herufi ndogo isiyo na mkia wala shingo, kama x, huchukua kama 0.52. Zidisha 20 kwa 0.716, unapata 14.3. Zidisha 20 kwa 0.52, unapata 10.4. Futi kamba ilikuwa imeshasema hivyohivyo.

Kwa hiyo mtu akitaka herufi kubwa za Arial zenye sentimita 20 halisi, aandike pointi 792 hivi, si 567. Mimi siiamini hata hesabu hiyo, kwa kuwa kila fonti ina uwiano wake. Njia ninayotumia ni kuandika H peke yake, kuigeuza kuwa umbo (kwenye CorelDRAW ni `Ctrl+Q`), kisha kusoma kimo chake kwenye kisanduku cha vipimo. H ina kichwa bapa na miguu bapa, kwa hiyo haidanganyi kama O au S ambazo huchorwa zikizidi mstari kidogo juu na chini. Nikishapata H ya kimo ninachotaka, ndipo naandika maneno kwa ukubwa uleule. Na kama kazi imechorwa kwa kipimo cha moja kwa kumi ili faili lisiwe zito, nakumbuka kwamba sentimita 2 kwenye skrini ndizo 20 za turubai.

Hapo mama aliona kesi imekwisha: amepunjwa, basi apewe ishirini zake. Mimi sikuona hivyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejiuliza hiyo ishirini imetoka wapi. Urefu wa herufi hautoki kwenye bango la jirani. Unatoka kwenye umbali wa msomaji, na umbali huo haupimwi kutoka mlangoni kwenda ng'ambo ya barabara. Unapimwa kutoka mahali ambapo msomaji anahitaji kuwa ameshaelewa.

Msomaji wa mama huyu ni nani? Waenda kwa miguu wa Mwanga wanamjua tayari. Anaowakosa ni wageni, watu waliotumwa kununua madumu na kuyasafirisha, nao huja kwa bodaboda au bajaji wakitokea Kigoma mjini. Dereva wa bodaboda pale huenda kama kilomita 40 kwa saa, ambayo ni mita 11 kwa sekunde. Ili apunguze mwendo kwa breki ya kawaida, bila kumrusha abiria, anahitaji mita 30 hivi. Ongeza sekunde moja ya kuamua, mita 11 nyingine, tufike 41 au 42. Maana yake akiwa amebakiza mita 42 kufika kwenye geti lazima awe ameshamaliza kusoma. Kusoma kwenyewe nako kunataka muda, kwa kuwa jicho halijui bango liko wapi, linalitafuta kati ya nguzo, miembe na mabango mengine, kisha ndipo linasoma. Kwa maneno mawili matatu natoa sekunde 3, ambazo ni mita 33. Jumla ni mita 75 kabla ya geti. Ukuta wa stoo uko mita 18 kutoka kwenye njia ya pikipiki, hivyo mstari wa jicho kutoka mita 75 hadi ukutani ni kama mita 77. Namba hiyo ndiyo ya kuanzia kazi.

Sasa jicho. Vipimo vya macho vinavyotundikwa hospitali vinatokana na kazi ya daktari wa macho Mholanzi, Herman Snellen, ya mwaka 1862. Mtu anayehesabiwa kuwa na macho ya kawaida, wanayoandika 6/6, huweza kutambua herufi ambayo kimo chake kinachukua dakika 5 za pembe machoni pake, na nyuzi moja ina dakika 60. Ukiigeuza kuwa hesabu ya barabarani, unagawa umbali kwa 688. Kwa kazi yetu 700 inatosha. Mita 77 gawa kwa 700 ni sentimita 11.

Ila 11 hizo ni ukingo wenyewe. Ni mtu mwenye macho mazuri, amesimama, herufi nyeusi juu ya nyeupe, mwanga mzuri, na anakaza macho. Dereva hayuko hivyo, na wengi hawana 6/6. Mwenye 6/12, ambaye bado anaendesha na kufanya kazi zake bila miwani, anahitaji herufi mara mbili: unagawa kwa 350. Hapo mita 77 zinataka sentimita 22. Hii ya 350 ndiyo ninayoitumia kwa maandishi ya barabarani, na ni rahisi kuikumbuka, kwa sababu kila mita 3 na nusu za umbali zinataka sentimita 1 ya herufi. Wachapaji wengine hutumia kanuni kali zaidi, sentimita 1 kwa kila mita 1.2. Hiyo ni ya bango linalotaka kumvuta mtu asiyelitafuta. Ukiifuata hapa unapata herufi za sentimita 64, na stoo ya mawese haina sababu ya kuzilipia.

Kwa kipimo hicho bango la zamani linajieleza lenyewe. Herufi kubwa za 20 zilizoagizwa zingesomeka hadi mita 70. Herufi ndogo za 10.4 zilizopatikana zinasomeka hadi mita 36. Nasema herufi ndogo kwa makusudi, maana neno "Mawese" lina M moja na herufi ndogo tano, na neno husomeka kwa umbali wa zile ndogo.

Ungedhani basi tumalizie hapo: chapa kwa herufi kubwa tupu, sentimita 22, tundika palepale. Hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na vingi. Bango lile limebandikwa ukutani, na ukuta unaangalia barabara uso kwa uso. Dereva haji uso kwa uso, anakuja kwa ubavu. Ukimweka mita 75 kabla ya geti, anauona ukuta kwa mshazari mkali sana. Kimo cha herufi hakipungui kwa mshazari, lakini upana unaminywa. Kujua unaminywa kiasi gani huhitaji vitabu vya pembe. Gawa umbali wa ukuta kutoka kwenye njia kwa urefu wa mstari wa jicho. Mita 18 gawa kwa 77 ni 0.23, yaani upana unaobaki haufiki hata robo. M ya bango la zamani yenye upana wa sentimita 14 inamfikia kama M ya sentimita 3 na kitu, miguu yake mitatu imebanana kuwa doa moja. Neno zima linakuwa kama ufito uliosimama.

Upana unarudi nusu pale mstari wa jicho unapofika mita 36, na hapo dereva amebakiza mita 31 barabarani. Tumeshasema alitakiwa awe amemaliza kusoma kwenye 42. Kwa hiyo hata bango la ukutani lenye herufi za sentimita 22 lingeanza kusomeka vizuri akiwa ameshachelewa kushika breki. Simu za "nimeshapita" zingeendelea, na mama angesema nami nimempunja.

Aliuliza swali zuri: kwa nini tusizirefushe herufi kwa upana, zikiminywa ziwe za kawaida? Hivyo ndivyo wanavyofanya kwenye maandishi yanayopakwa juu ya lami, herufi huvutwa ndefu sana ili dereva anayeziona kwa mshazari azione za kawaida. Lakini kwa kubanwa mara nne, neno MAWESE la herufi za sentimita 22 lingehitaji zaidi ya mita 5 za upana kwa neno moja tu, na mwenda kwa miguu aliyesimama mbele ya stoo angeona vichekesho. Tena lingekuwa sahihi kwa sehemu moja tu ya barabara.

Dawa ilikuwa kuligeuza bango. Badala ya ukuta, nguzo mbili za chuma ndani ya kiwanja chake, zimesimama kwenye mstari unaokatiza barabara, ili bango liwaangalie wanaokuja. Ubavu wa karibu uko mita 6 kutoka kwenye njia ya pikipiki. Kutoka mita 75 mshazari unakuwa mdogo mno, upana haupotei hata sehemu moja kwa mia. Nilimwambia asiweke nguzo yoyote kwenye hifadhi ya barabara, na suala la kibali na ushuru wa bango aliulize manispaa kabla ya kuchimba shimo. Nguzo iliyong'olewa ni hasara kubwa kuliko fleksi.

Baada ya hapo ikaja sehemu ngumu, ya maneno. Bango la zamani lilikuwa na mistari saba: karibu sana, jina la duka kwa mwandiko wa madaha, wauzaji wa mawese safi, dagaa na migebuka, kwa jumla na rejareja, kwa bei nafuu, kisha namba za simu tatu. Sekunde 3 hazibebi hayo. Nilimwomba achague maneno ambayo mgeni akiyaona atajua amefika. Alivutana nami kidogo kuhusu "karibu sana" ("bango lisilokaribisha ni la polisi"), kisha akakubali lihamie ndani. Yakabaki mawili, MAWESE na DAGAA.

Kwa maneno mawili tulimudu kupanda kutoka 22 hadi 25, ambazo zinasomeka hadi mita 87 na kutuachia akiba kwa vumbi na fleksi kupauka. Upana wake unakadirika kabla ya kufungua kompyuta. Kwenye Arial Bold, herufi kubwa moja pamoja na nafasi yake huchukua upana unaokaribia kimo chake, M na W zikizidi, I ikipungua sana. Hivyo neno la herufi sita za sentimita 25 ni kama mita 1.5, na lilipochorwa MAWESE lilitoka sentimita 157, DAGAA 128. Bango la mita 2 kwa mita 1 likatosha. Kimo tulikigawa hivi: sentimita 12 tupu juu, 25 za MAWESE, 13 tupu, 25 za DAGAA, 10 tupu, 6 za namba moja ya simu, 9 tupu chini. Namba ya simu haisomwi na mtu aliye kwenye mwendo. Inasomwa na aliyesimama, na sentimita 6 zinamfaa hata akiwa mita 20.

Zile nafasi tupu wateja huziona kama turubai lililopotea. Mistari ikibanana, kwa mbali MAWESE na DAGAA vinaungana kuwa bonge moja, na kimo cha herufi ulicholipia hakina kazi. Unene wa mistari ya herufi nao una mpaka. Herufi za Snellen zina mstari wenye unene wa moja ya tano ya kimo, na Arial Bold inakaribia hapo, kwa herufi yetu ni kama sentimita 5. Ukichagua fonti nene kupita hiyo, tundu la A na mapengo ya E na S yanazibwa kabla herufi yenyewe haijapotea.

Jaribio tulilifanya kabla ya fleksi, na linagharimu karatasi moja ya A4. Tulichapa MAWESE kwa moja ya kumi: herufi za sentimita 2.5, neno lote chini kidogo ya sentimita 16. Karatasi ikagundishwa kwenye mti nje, juani, na msomaji akasimama mita 7.7. Uwiano wa herufi na umbali ni uleule wa barabarani. Muhimu ni kwamba anayesoma asiwe ameambiwa kimeandikwa nini, kwa sababu anayejua neno huliona hata lisipoonekana. Tulimwita mzee wa jirani anayeshona viatu, akalisoma moja kwa moja. Kisha nikaigeuza karatasi hadi ikaonekana kwa mshazari kama ule wa ukuta wa stoo.

"Sasa umeificha," mzee akasema. Mama ndipo alipoacha kuuliza kuhusu ukuta.

Karatasi haionyeshi kila kitu. Haina mtikisiko wa pikipiki wala sekunde chache, ndiyo maana siridhiki nayo ikisomeka kwa kukaza macho. Isiposomeka haraka, naongeza kimo au napunguza neno.

Kuhusu rangi nitasema machache. La zamani lilikuwa na maandishi mekundu juu ya picha ya majani ya michikichi. Rangi mbili zinaweza kutofautiana sana na bado zikawa na giza sawa, na jicho la mbali husoma tofauti ya giza na mwanga. Nililipiga picha kwa simu, nikaiondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe, maandishi yakazama ndani ya majani. Jipya ni herufi nyeusi juu ya njano tupu. Mama alitaka rangi ya mawese yenyewe, ile ya chungwa iliyoiva. Tukaiweka kama mstari mwembamba ukingoni.

Kwa kuwa bango linasomwa pande zote mbili, fleksi ya kawaida isingefaa. Jua likiwa upande wa pili hupenya, na herufi za nyuma huonekana kinyume katikati ya zile za mbele. Jioni hali ni mbaya zaidi kwa anayerudi mjini kutoka Ujiji, anayeelekea upande wa jua. Tulitumia fleksi mbili zenye mgongo mweusi, mgongo kwa mgongo, kwenye fremu ya chuma. Fremu inasaidia pia dhidi ya upepo wa ziwani. Bango lililofungwa kamba kwenye pembe nne tu hujaa upepo na kujikunja, na herufi za ukingoni huingia kwenye mshazari uleule tuliouhama. Wapo wanaokata matundu ya nusu mwezi ili upepo upite. Kwenye bango dogo hivi, kila tundu lingeangukia kwenye herufi, kwa hiyo sikukata.

Bango la zamani halikutupwa. Limebaki ukutani, na kwa aliyesimama barabarani mbele yake, mita 18, herufi zake za sentimita 10 zinasomeka bila shida. Mistari ya chini yenye herufi za sentimita 3 na nusu inasomeka ukishaingia getini, kuanzia mita 12 hivi, na hapo ndipo mtu anapotaka kujua kama kuna rejareja.

Usiku bango jipya halifanyi kazi. Fleksi ya kawaida hairudishi taa ya pikipiki kwa dereva kama zinavyofanya alama za barabarani zenye karatasi inayong'aa, na herufi za sentimita 25 gizani hazina faida kuliko za 10. Ingehitajika taa ya kulimulika kutoka juu, au neno MAWESE likatwe kwenye karatasi hiyo inayong'aa. Mama anafunga saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo tuliliacha lilivyo.